Asilimia mbili ya siku kumi: deni la saruji linalozidi riba ya benki

Chini ya baadhi ya ankara zinazotoka kwa wasambazaji wa Industrial Area kwenda kwenye maduka ya Umoja, Kayole na Komarock, karibu na nambari ya akaunti ya benki, huwa pamechapishwa maneno machache: 2/10, net 30. Maana yake ni kwamba mnunuzi akilipa ndani ya siku kumi tangu tarehe ya ankara, atapunguziwa asilimia mbili. Siku hizo zikipita, punguzo linakufa, na deni lote linatakiwa kufikia siku ya thelathini.

Mwenye duka akiusoma mstari huo huona mambo mawili. La kwanza ni kwamba ana mwezi mzima wa kukaa na mali ya mtu bila riba. La pili ni kwamba akijitahidi atapata kapunguzo kadogo ambako hakatoshi hata kulipa mkokoteni. Yote mawili si kweli. Siku zilizo bure ni kumi tu. Ishirini zinazofuata zina bei, na bei hiyo ukiipima kwa mwaka, kama benki inavyopima mikopo yake, inapita asilimia 37.

Tuichukue hesabu yenyewe kwa mali ambayo kila mkazi wa Eastlands anaijua. Mwenye hadiwea kule Kayole ameagiza mifuko 200 ya saruji kwa shilingi 750 kila mfuko. Bei hii nimeichagua ili hesabu iwe nyepesi. Saruji hupanda na kushuka, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki. Ankara inasoma shilingi 150,000 na tarehe yake ni Juni 4. Akilipa kufikia Juni 14 anapunguziwa asilimia mbili, yaani shilingi 3,000, naye analipa 147,000. Akikosa, atalipa 150,000 kufikia Julai 4.

Swali la kwanza la kujiuliza ni bei halisi ya saruji hiyo. Wengi watajibu 150,000 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi nene. Lakini msambazaji yuko radhi kuiachilia kwa 147,000 na bado amekupa siku kumi za kupumua. Basi bei ya mali ni 147,000. Zile 3,000 si sehemu ya saruji hata kidogo. Ni malipo ya kukaa na pesa za msambazaji kuanzia Juni 14 hadi Julai 4. Kwa maneno mengine, siku ya kumi ilipopita bila malipo, mwenye duka alikopa 147,000 kwa siku ishirini na kukubali kulipa 3,000 juu yake.

Ukishaliona hivyo, kazi iliyobaki ni ya kikokotoo cha simu. Gawanya 3,000 kwa 147,000 upate asilimia 2.04 kwa siku ishirini. Mwaka wa siku 365 una vipindi 18.25 vya siku ishirini ishirini. Zidisha, na utapata asilimia 37.2 kwa mwaka. Ukitaka kuiandika kwa mkupuo mmoja, ni hivi:

```
3000 ÷ 147000 × 365 ÷ 20 × 100 = 37.2
```

Kuna mahali pawili ambapo watu hupotea. Pa kwanza ni kugawanya kwa 150,000 badala ya 147,000. Kosa hilo si kubwa. Linaishusha riba kidogo tu, hadi asilimia 36.5. Pa pili ndipo penye hatari. Mtu huhesabu siku thelathini badala ya ishirini, akasema asilimia mbili kwa mwezi ni kama asilimia 24 kwa mwaka, na kwa biashara hiyo inavumilika. Amesahau kwamba zile siku kumi za mwanzo angezipata hata kama angelipa mapema. Hazikununuliwa na chochote. Alichokinunua kwa shilingi 3,000 ni siku ishirini tu, na siku hizo ndizo zinazopaswa kubeba gharama yote.

Mtu mwangalifu anaweza kupinga hapa. Atasema kwamba yeye hanunui saruji mara 18 kwa mwaka; anachukua shehena moja kila mwezi, kwa hivyo asilimia 37 ni hesabu ya vitabuni. Pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa shilingi zenyewe. Akiacha punguzo kila mwezi, kwa mwaka atakuwa amepoteza 3,000 mara kumi na mbili, yaani 36,000. Je, alikuwa amekopa kiasi gani? Amekuwa na 147,000 za msambazaji kwa siku ishirini mara kumi na mbili, jumla siku 240. Ukizisambaza pesa hizo kwenye siku zote 365, ni sawa na kuwa na mkopo wa takriban shilingi 96,700 mwaka mzima. Gawanya 36,000 kwa 96,700, na asilimia 37.2 inakurudia pale pale. Kiwango hakitegemei umenunua mara ngapi. Kinachobadilika ni jumla ya shilingi zilizokutoka.

Vitabu vingine vya fedha vitakupa asilimia 44.6 kwa mkataba huu huu. Havijakosea. Vinachukulia kwamba kila mwisho wa siku ishirini riba inaongezwa kwenye deni, kisha deni lote linakopwa upya, riba ikizaa riba. Kwa mwenye duka anayelipa ankara yake yote kila mwezi na kuanza nyingine, asilimia 37 iko karibu zaidi na maisha yake. Yule ambaye kila deni jipya analichukua ili kuziba la zamani, na ile 3,000 anaikopa pia, ndiye anayepaswa kuitazama ile 44.6.

Sasa turudi dukani Kayole, kwa sababu asilimia za mwaka haziwashtui watu kama faida ya mfuko mmoja inavyowashtua. Tuseme saruji ile anaiuza shilingi 780. Anapata shilingi 30 kwa kila mfuko, na mifuko yote 200 inampa 6,000, kabla ya kodi ya duka, stima na mshahara wa kijana anayepakia. Punguzo la asilimia mbili ni shilingi 15 kwa mfuko. Hiyo ni nusu ya faida yake. Akilipa siku ya kumi, shehena ile ile, kwa wateja wale wale na kwa bei ile ile, inamletea 9,000. Ili apate 3,000 hizo kwa kuuza tu, ingemlazimu auze mifuko mingine 100. Hili ndilo jambo ambalo neno "asilimia mbili" linalificha: asilimia hiyo inapimwa kwa bei ya mali yote, ilhali mfanyabiashara anaishi kwa kile kipande chembamba kinachobaki juu.

Basi iwapo siku ya kumi inakuja na pesa hazijatimia, je, akope mahali pengine ili aliwahi punguzo? Jibu linategemea mkopeshaji, na hasa linategemea namna mkopeshaji anavyotoza. Akihitaji 147,000 kwa siku ishirini, kipimo chake ni kimoja tu: gharama yote ya mkopo huo, pamoja na ada zake, isifike 3,000.

Mwenye kibali cha kuchota zaidi ya akiba benki, kwa riba ya asilimia 17 hivi kwa mwaka kama ilivyokuwa kwenye mabenki ya Kenya mwishoni mwa 2024, atalipa karibu shilingi 1,370 kwa siku hizo ishirini. Anabakiwa na zaidi ya 1,600. Mwanachama wa Sacco inayotoza asilimia moja kwa mwezi kwenye salio atalipa 1,470 hata kama atatozwa mwezi mzima. Huyo naye yuko salama, ingawa Sacco nyingi haziwezi kutoa mkopo kwa haraka ya siku mbili tatu, na hilo linapaswa kupangwa mapema.

Mambo yanageuka kabisa ukifika kwenye simu. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, hutoza ada ya asilimia 7.5 ya mkopo wa siku thelathini, bila kuhesabu ushuru, na ada hiyo ni moja hata ukirudisha pesa mapema. Kwa 147,000 hiyo ingekuwa zaidi ya 11,000, ukiachilia mbali kwamba wengi hawaruhusiwi kukopa kiasi hicho. Fuliza, iliyozinduliwa Januari 2019, ina ada ya kuingilia ya asilimia moja na nyingine ya kila siku. Ile ya kuingilia peke yake inakula karibu nusu ya punguzo kabla siku ya kwanza haijaisha. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa Novemba 30, 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo kwa hesabu hii ni nafuu mno, lakini mkopo wake wa mtu binafsi ni wa siku 14 na kikomo chake ni 50,000, nao wengi walianzia kwenye mamia ya shilingi tu. Hauwezi kubeba shehena ya saruji.

Chama ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu ndicho kilicho karibu na ndicho chenye huruma. Vyama vingi vya kuchanga na kukopeshana hutoza asilimia kumi kwa mwezi, na faida hugawiwa wanachama mwisho wa mwaka. Mkopo wa 147,000 ungegharimu 14,700. Hata chama chenye riba ya asilimia tano kingetoza 7,350. Hapo hakuna mjadala: bora uache punguzo liende, ulipe 150,000 siku ya thelathini.

Hapa pana kipimo kinachofaa kuandikwa nyuma ya kitabu cha duka. Ikiwa mkopeshaji anatoza kwa siku, mkopo unafaa mradi riba yake haizidi asilimia 3 kwa mwezi. Ikiwa anatoza mwezi mzima hata ukikaa na pesa siku ishirini tu, mpaka unashuka hadi asilimia 2. Zaidi ya hapo unahamisha hasara kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Hadi sasa nimedhani kwamba asiyelipa siku ya kumi hulipa siku ya thelathini. Hebu tuliangalie hilo vizuri, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Mwenye duka aliyekosa Juni 14 kwa sababu hundi ya mteja ilichelewa hupata pesa Juni 16, naye kwa uaminifu wake anazituma siku hiyo hiyo. Amelipa 150,000 kamili. Ametoa 3,000 ili akae na pesa siku mbili tu, na ukiipima kwa mwaka riba hiyo inapita asilimia 370. Akilipa Juni 24, siku kumi baada ya mpaka, ni asilimia 74. Uaminifu ni sifa njema, lakini baada ya siku ya kumi msambazaji ameshalipwa kwa ajili ya siku zote ishirini. Aliyekosa punguzo hana sababu ya kulipa kabla ya siku ya thelathini, isipokuwa amempigia simu meneja wa mauzo akaomba na kukubaliwa siku mbili za ziada. Na simu hiyo ipigwe kabla ya siku ya kumi, si baada yake.

Upande wa pili wa sarafu ni wale wanaochelewa kupita siku ya thelathini. Akilipa siku ya 45, gharama inashuka hadi asilimia 21 kwa mwaka. Akiivuta hadi siku ya 60, ni asilimia 15, yaani chini ya ile 17 ya benki. Kwa karatasi, basi, anayechelewa ndiye mjanja, na si siri kwamba biashara nyingi Nairobi huendeshwa hivyo. Wasambazaji wa Kenya wana kumbukumbu chungu: Nakumatt ilipovunjwa na wadai wake Januari 2020, ilikuwa imewaachia watu waliokuwa wakiiletea bidhaa madeni ya mabilioni ya shilingi. Tangu hapo wengi wamekuwa wepesi wa kufunga bomba. Gharama ya kuchelewa haionekani kwenye fomula, lakini ipo. Lori linalokuja kwako linageuzwa njiani, kikomo chako cha deni kinakatwa, na saruji inapokuwa haba, anayehudumiwa mwisho ni wewe. Hadiwea ambayo imekosa saruji kwa siku tatu haipotezi faida ya saruji tu. Fundi akihamia duka jirani kwa ajili ya saruji, atanunua huko huko misumari, nondo na rangi.

Kuna sura nyingine ya mkataba huu ambayo Eastlands inaijua zaidi kuliko maneno 2/10, net 30. Ni bei mbili. Dereva wa lori anashusha mali na kusema: ya keshi ni 735, ya deni la mwezi ni 750. Punguzo ni lile lile la asilimia mbili, 3,000 kwa mifuko 200. Lakini sasa zile siku kumi za bure hazipo. Pesa zinatakiwa hapo hapo lori linapopakuliwa, na anayechagua deni amenunua siku thelathini kamili kwa 3,000. Riba yake inakuwa asilimia 24.8 kwa mwaka. Bado ni kubwa kuliko ya benki au ya Sacco, lakini iko mbali na 37. Kwa hivyo mtu mwenye wasambazaji wawili, mmoja wa siku kumi na mwingine wa keshi mlangoni, akiwa na pesa za kumlipa mmoja tu, asiwatazame kana kwamba wanalingana. Pesa zake ziende kwanza kwa yule wa siku kumi, kwenye ile siku ya kumi yenyewe.

Eastleigh, ambayo nayo iko ndani ya Eastlands, ina swali la ziada. Wafanyabiashara Waislamu huuliza kama punguzo hili ni riba iliyovaa nguo nyingine. Wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikata kwamba kupunguza deni ili lilipwe mapema kunaruhusiwa, iwe mdai ndiye aliyependekeza au mdaiwa, mradi halikuwa sharti lililokubaliwa tangu mwanzo na hakuna mtu wa tatu kati yao. Mstari uliochapishwa kwenye ankara ni sharti la tangu mwanzo, na hivyo una tatizo. Bei mbili ni jambo jingine: wanazuoni wengi wanakubali bei ya deni kuzidi ya keshi, ilimradi mnunuzi achague moja kabla hajaondoka na mali. Anayejali hili ana njia ya halali, nayo ina hesabu ya 24.8 badala ya 37.2.

Yapo mazingira ambayo kuacha punguzo ni uamuzi sahihi, na si haki kuyaficha. Mwenye duka atasema pesa yake inazunguka. Sawa, lakini mzunguko huo upimwe. Iwapo 147,000 zile, zikikaa dukani siku ishirini badala ya kwenda kwa msambazaji, zitazaa zaidi ya 3,000 ambazo zisingezaliwa kwa njia nyingine, basi aache punguzo. Mfano mzuri ni rangi: landilodi anapaka jengo zima Utawala, ameshatoa oda, na bila pesa za kununua ndoo hizo kazi itaenda kwingine. Faida ya 8,000 ndani ya wiki mbili inaizidi 3,000 bila ubishi. Lakini pesa zikikaa kwenye akaunti zikisubiri kodi ya duka, au zikinunua mali ambayo itakaa rafuni miezi mitatu, huo si mzunguko.

Na mara nyingi pesa hazikosekani kwa sababu zinazunguka. Zimekosekana kwa sababu ziko kwa wateja. Kontrakta amechukua mifuko 50 na kusema atalipa akilipwa. Mwenye duka anaona amempa mteja wa miaka mingi heshima yake, na faida ya 1,500 imeandikwa kwenye kitabu cha madeni. Ikiwa pesa hizo ndizo zilizomfanya akose siku ya kumi, basi mifuko hiyo 50, kwa fungu lake peke yake, imempotezea punguzo la 750. Nusu ya faida imekwenda kabla kontrakta hajalipa shilingi hata moja. Anayekopesha wateja bila kuongeza bei, huku yeye mwenyewe akikopa kwa asilimia 37, anabeba gharama za ujenzi wa watu wengine.

Yabaki mambo ya karatasi, ambayo hayapendezi lakini ndiyo yanayoamua kama 3,000 itarudi. Kwanza ni tarehe. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye ankara, si siku lori lilipofika. Ankara ya Juni 4 ikija na mali ya Juni 7, siku tatu zimeshakwenda na umebakiwa na saba. Hilo likitokea kila mara, omba ankara itolewe siku mali inapotoka bohari. Pili ni njia ya malipo. Hundi iliyopelekwa siku ya kumi haijawa pesa siku ya kumi, na mhasibu wa msambazaji anaweza kuikataa kuwa imechelewa. M-Pesa, ambayo tangu 2023 inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, au PesaLink kutoka benki hadi benki, hufika papo hapo na huacha ujumbe wenye tarehe na saa. Gharama zake ni ndogo sana mbele ya 3,000. Siku ya kumi ikiangukia Jumapili, tuma Ijumaa, kwa sababu ofisi nyingi za hesabu hazifungui wikendi na hutaki kubishana Jumatatu.

Tatu ni kodi. Saruji ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ndani ya bei yake. Wapo wasambazaji wanaokata asilimia mbili kwenye bei ya kabla ya kodi tu na kuiacha kodi kama ilivyo. Kwa ankara yetu punguzo linakuwa 2,586 badala ya 3,000, na gharama ya kuliacha inashuka hadi karibu asilimia 32 kwa mwaka. Bado ni kubwa, lakini uliza kabla ya kutuma pesa, maana anayelipa 147,000 akiwa alipaswa kulipa 147,414 anaweza kuambiwa hajakamilisha malipo na kupoteza punguzo lote kwa shilingi mia nne. Na kwa kuwa ankara sasa hupitia mfumo wa eTIMS wa KRA, punguzo lidhihirike kwenye hati ya marekebisho kutoka kwa msambazaji. Bila hati hiyo kitabu chako kinaonyesha umenunua kwa 150,000 na deni la 3,000 bado linaning'inia, na miezi sita baadaye taarifa ya akaunti itakuja ikilidai.

La mwisho ni kalenda ya mtaa, na hili ndilo ambalo mwenye duka anaweza kulibadilisha wiki hii. Eastlands hupata pesa mwisho wa mwezi. Mishahara huingia, kodi za nyumba hulipwa kufikia tarehe 5, na landilodi anayejenga huja hadiwea akiwa nazo. Katikati ya mwezi hununua wachache. Ankara ya tarehe 4 inaweka siku ya punguzo tarehe 14, wakati ambapo droo ni tupu kuliko siku zote. Shehena ile ile ikiagizwa tarehe 25, siku ya kumi kwa kawaida inaangukia tarehe 4 au 5 ya mwezi unaofuata, wakati pesa zipo. Msambazaji hapotezi chochote kwa mabadiliko hayo. Anachotaka ni kulipwa mapema, na ndiyo maana alitoa punguzo.

Kwa hivyo mwenye duka, toa ankara zako za miezi mitatu iliyopita uzipange mezani. Kwenye kila moja andika siku uliyolipa na shilingi ulizoziacha. Kisha mpigie msambazaji mwenye jumla kubwa zaidi, umwombe ahamishe tarehe ya oda yako hadi 25.